Msusi na kaunta buku zake: kuandika jambo linalouma, na wakati wa kufunga daftari

Nitamwita Msusi kwa sababu ndiyo kazi yake. Ana saluni Tanga mjini, ana miaka thelathini na kitu, ana mume na watoto wawili. Kaniruhusu niandike kisa chake na nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane. Mimi ni mshauri nasaha, na nimekichagua hiki kwa sababu alikuja kwangu tayari anaandika, tena anaandika sana, na kuandika kwenyewe kulikuwa kunamuumiza. Watu wengi siku hizi wanaambiana "andika tu, utoe moyoni", halafu hakuna anayewaambia unaandikaje na unaacha lini.

Tukio lenyewe ni hili. Mama yake alikuwa anaishi Lushoto, mtu wa presha miaka mingi. Asubuhi moja akaanguka, kiharusi. Msusi siku hiyo alikuwa na kichwa cha bibi harusi, simu ipo kwenye chaji nyuma ya kioo, kaiweka sailensi kwa sababu wateja wa wikiendi walikuwa wanapiga mfululizo. Mdogo wake alianza kupiga saa tatu na nusu. Msusi kashika simu saa sita kasoro, amekuta misdi koli kibao na meseji moja, mama hatunaye. Kumbe mama alikata roho kabla ya saa tano. Kufika msibani, kaka yake mkubwa akamwambia mbele za watu, mama alikuwa anakuulizia wewe, simu uliiweka wapi?

Basi ikawa hilo. Msiba umeisha, arobaini imepita, watu wamerudi kwenye shughuli zao, yeye kabaki na hilo sentensi la kaka yake. Binti wa dada yake anasoma chuo, akamwambia mama mdogo nunua daftari uandike unavyojisikia, inasaidia. Nia nzuri kabisa. (Namtaja binti kwa sababu hakudanganya, ushauri wake una msingi, ila ulikuja nusu.) Msusi akanunua kaunta buku. Kila usiku watoto wakishalala anakaa kitandani anaandika, saa nzima, wakati mwingine hadi saa saba usiku. Miezi miwili hivyo. Alipokuja kwangu alikuwa na kaunta buku mbili kwenye mkoba, ya kwanza imejaa, ya pili inaelekea kujaa, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nimeandika yote, hakuna nilichobakisha, mbona ndo kwanza nazidi?"

Usingizi ulikuwa umepungua kuliko hata wiki ya msiba. Jioni ikiingia anaanza kuogopa, anajua saa ya kuandika inakuja. Na ameanza kuwakaripia wateja.

Sikumwomba anisomee. Nilimwambia fungua popote, kisha popote pengine, kisha pengine, uangalie ukurasa unaanzaje. Alifungua mwenyewe, akawa kimya, akafungua tena. Kurasa karibu zote zilianza na "ningeshika simu". Ningeshika simu, ningeangalia hata mara moja, ningemwambia yule msichana wangu aiangalie, nisingeweka sailensi. Kisha anaelezea kile kioo, ile chaji, ile meseji. Kisha maneno ya kaka. Kisha mwisho, mimi ni mtoto wa aina gani. Kesho yake tena hivyohivyo. Miezi miwili ya kuandika na hadithi haijasogea hata hatua moja, hakuna mahali ameandika kwa nini aliiweka sailensi, hakuna habari za mama akiwa mzima, hakuna mtu mwingine ndani yake zaidi ya yeye na kaka. Ni kama ng'ombe anacheua kitu kilekile bila kumeza.

Hapo ndipo inabidi nieleze kidogo hii njia imetoka wapi, kwa sababu kile Msusi alichokuwa anafanya na kile kilichopimwa na watafiti ni vitu viwili tofauti japo vyote vina peni na karatasi.

Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Pennebaker, yeye na mwanafunzi wake Sandra Beall, wakiwa Chuo Kikuu cha Southern Methodist huko Dallas. Walitoa matokeo mwaka 1986. Waliwachukua wanafunzi 46, wengine wakaambiwa waandike kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani, wengine waandike mambo ya kawaida tu kama viatu vyao au chumba wanachokaa. Dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, basi, imeisha. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka pale wakiwa na huzuni zaidi kuliko wenzao, wengine walilia kabisa, ila miezi iliyofuata wakawa wanaenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Na kulikuwa na kundi lililoandika hisia tu bila kusimulia nini kilitokea, na lingine lililosimulia bila hisia, na hao hawakupata faida ileile. Vitu viwili vinaenda pamoja, kilichotokea na ulivyojisikia.

Tangu hapo zimefanyika tafiti nyingi mno. Mwaka 2006 mtafiti Joanne Frattaroli alizikusanya 146 pamoja, jibu likawa kwamba inasaidia lakini kwa kiasi kidogo. Nalisema hili wazi kwa sababu naona mitandaoni watu wanaiuza kama dawa ya kila kitu. Ni kitu kidogo, cha bei ya daftari, kinachosaidia baadhi ya watu katika baadhi ya mambo.

Ila lililonigusa zaidi kwa kesi ya Msusi ni utafiti mwingine wa Arizona, David Sbarra na wenzake, 2013. Waliwachukua watu waliotengana na wenzi wao karibuni. Kundi moja wakaandika kwa njia ya Pennebaker, lingine wakaandika tu siku yao ilivyokwenda, nimeamka, nimefanya hiki, bila hisia. Sasa wale watu ambao kwa tabia yao ni wa kuchimba chimba, wanaotafuta sana maana ya kilichowapata, walioandika hisia waliendelea vibaya kuliko wenzao walioandika mambo ya siku tu. Yaani mtu anayezungusha jambo kichwani usiku kucha, ukimpa daftari bila mpangilio, umempa mahali pa kulizungushia vizuri zaidi.

Na kwa msiba wa kawaida, wa mtu kumlilia mzazi wake, kuna utafiti wa Uholanzi wa Margaret Stroebe na wenzake, 2002, ambao haukuona kwamba kuandika hisia kunawahisha kupoa kwa waliofiwa. Majonzi yana mwendo wake. Kwa hiyo mfiwa akija kwangu analia tu kwa sababu amempoteza mtu wake na ana ndugu wa kukaa naye, simpi daftari. Namwacha alie, aende hitima, aongee na wanaomjua marehemu.

Mbona basi Msusi nilimpa? Kwa sababu nilimuuliza swali moja ambalo huwa namuuliza kila mtu kabla sijataja kuandika: kuna kitu chochote kuhusu jambo hili hujamwambia mtu yeyote? Akaangalia chini muda mrefu. Akasema kipo. Nikamuuliza, kimo humu kwenye daftari? Akasema hapana.

Kaunta buku mbili, na kile chenyewe hakimo. Sikumuuliza ni nini. Lakini hapo nilijua kwamba kilichomleta si majonzi peke yake, kuna kitu amekifungia, na kuandika kwa mpangilio huwa kunafaa hasa mahali penye jambo ambalo mtu analibeba bila kulisema. Pia muda ulikuwa sawa, miezi mitatu imepita. Wiki za kwanza baada ya tukio mimi siandikishi mtu kitu, mwili bado uko kwenye mshtuko, na Pennebaker mwenyewe anashauri watu wasikimbilie.

Kabla ya kuanza kuna mambo nilihakikisha. Kama ana mawazo ya kutaka kufa. Kama tukio linamrudia mchana kweupe kana kwamba linatokea sasa hivi, mpaka anapoteza alipo. Kama ameanza kunywa ili alale. Lolote kati ya hayo lingekuwepo nisingemwandikisha, ningempeleka kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, na kama ni kuandika basi angeandika chini ya mtaalamu wa tiba aliyekaa naye palepale, maana ipo tiba ya namna hiyo kwa watu wenye majeraha makubwa lakini ni tiba, si zoezi la nyumbani. Kwake hayakuwepo, alikuwa anafikiria sana, halali, anajilaumu, ila anakula, anafanya kazi, anacheka na wanawe.

Kitu cha kwanza nilichomwambia kikamshangaza: acha kuandika. Kwa wiki mbili zile kaunta buku zikae kabatini. Kama mkono unawasha usiku, achukue karatasi aandike siku yake tu, nimefungua saluni saa mbili, nimesuka vichwa vitatu, nimenunua samaki, mtoto ana kikohozi, mistari kumi aache. Lengo lilikuwa kuvunja ile ada ya kitandani. Usingizi ukarudi kidogo, si wote, ila akaacha kuogopa jioni.

Halafu ndo tukapanga siku nne. Nikampa maelekezo kwa mdomo na nikamwandikia pia, na nayaweka hapa kama nilivyompa:

"Utaandika siku nne mfululizo, Jumatatu mpaka Alhamisi, saluni ukishafunga, si kitandani. Tega alamu ya dakika ishirini kwenye simu. Andika kilichotokea na ulivyojisikia wakati ule na unavyojisikia sasa, nenda mpaka chini kabisa, kile ambacho hujamwambia mtu. Usinyanyue peni. Ukikwama rudia sentensi ya mwisho mpaka ije nyingine. Usijali herufi wala mpangilio, changanya Kiswahili na Kisambaa unavyotaka. Hakuna atakayesoma, wala mimi, na ukimaliza unaweza kuchana. Alamu ikilia malizia sentensi, simama. Halafu usiende nyumbani moja kwa moja, fagia saluni, osha vitana, kaa nusu saa na kitu cha mikono. Na ukiona umefika mahali unahisi ukiandika hapo utachanganyikiwa, usiandike hapo. Andika kingine."

Hiyo ya mwisho ndiyo sheria muhimu kuliko zote na Pennebaker mwenyewe anaisisitiza. Watu wanadhani kupona ni kujilazimisha kuingia kwenye chumba kinachokutisha zaidi. Hapana. Wewe ndiye mwenye funguo.

Suala la kuchana karatasi nalo lina sababu. Aliniambia kwamba binti yake mkubwa aliwahi kuikuta ile kaunta buku ya kwanza mezani, na toka siku ile, bila kukusudia, akawa anaandika kama mtu anayejitetea. Ukiwa na msomaji kichwani unaanza kupamba, unaruka pale pa aibu, na kile kitu kinabaki kulekule. Ndiyo maana nikamwambia atumie karatasi za kuchanika, siyo kaunta buku.

Hakuchana. Ijumaa alikuja nazo, akataka mwenyewe kunisomea vipande, ndo maana naweza kusimulia siku moja moja.

Jumatatu ilikuwa ileile. Ningeshika simu. Dakika ishirini za kioo na chaji. Ila kwa kuwa nilimwambia aandike pia alivyojisikia wakati ule, ilibidi aandike asubuhi yenyewe kabla ya meseji, na akaandika kwamba alikuwa na furaha, anacheka na bibi harusi. Hilo lilimuuma sana, kwamba alikuwa anacheka. Akalia, akafagia, akaenda nyumbani kichwa kizito, usiku akalala vibaya kidogo. Hii ni kawaida. Siku ya kwanza na ya pili huzuni inapanda, kwa watu wengi inashuka baada ya saa moja mbili, na nilikuwa nimemwonya ili asidhani kaharibikiwa.

Jumanne akamwandika kaka. Hasira, kurasa tatu mbele nyuma, matusi ambayo hawezi kuyatamka mbele ya mtu mzima. Kaka ambaye anakaa Lushoto hapohapo, ambaye anamiliki pikipiki, ambaye siku hiyo naye alikuwa shambani na ndiye aliyechelewa kumpeleka mama kituo cha afya. Hii habari ya shambani haikuwemo hata mara moja kwenye kaunta buku mbili. Ndiyo ishara ya kwanza kwamba hadithi inasogea, ameingia mtu mwingine na makosa yake, si Msusi peke yake amesimama kwenye ukurasa.

Jumatano ndiyo iliyogeuza kila kitu, na nitakaa hapo.

Alianza kwa kupiga hesabu, yaani aliandika masaa kama mtu anayefunga mahesabu ya dukani. Mdogo wangu kapiga saa tatu na nusu. Ningepokea. Ningefunga saluni, ningeenda stendi, saa nne. Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kupanda mlima mpaka Lushoto, masaa manne na zaidi, basi likisimama simama ni matano. Ningefika saa nane au saa tisa. Mama kafa kabla ya saa tano. Akaandika: nisingemkuta. Akaandika tena, nisingemkuta, nisingemkuta.

Sasa elewa kwamba haya watu walishamwambia msibani. Mume wake alimwambia, mashangazi walimwambia, hata ungepokea usingewahi, kazi ya Mungu haina makosa. Hayakuingia. Ukiambiwa na mtu unaitikia kwa adabu halafu unarudi kwenye lile lako. Alipoyapigia hesabu kwa mkono wake ndo yakamwingia, na hapo ndipo akashangaa kwamba bado hajapoa. Kama nisingemkuta kwa vyovyote, mbona bado inauma vilevile? Aliliandika hilo swali kama lilivyo. Na alamu ilikuwa imebakiza dakika chache, peni haitakiwi kunyanyuka, ndo kikatoka chenyewe.

Wiki mbili kabla ya kifo mama alimpigia akamwambia njoo hata siku moja, nina hamu na wewe. Msusi akamjibu mama huu ni msimu wa harusi, nitakuja ukiisha. Mama akasema haya mwanangu. Msusi hakumwambia mume, hakumwambia mdogo wake, wala kaka. Simu ya siku ya kifo haikuwa ndiyo kesi. Kesi ilikuwa ile simu ya wiki mbili nyuma, ambayo aliipokea.

Alipofika hapo kwenye kunisomea aliweka karatasi chini. Sikusema kitu, na ninamwomba mshauri yeyote anayesoma hapa naye asiseme kitu wakati kama huo, usikimbilie kumfariji, kwa sababu mtu yuko katikati ya kazi yake.

Alhamisi aliandika kuhusu msimu wa harusi. Kwa nini hakwenda? Kwa sababu kodi ya fremu ilikuwa inadaiwa miezi mitatu, kwa sababu ada ya mtoto, na kwa sababu pesa ya dawa za presha za mama yeye ndiye alikuwa anaituma kila mwezi na ilitoka kwenye vichwa vya harusi. Akaandika kwamba mama alijua hilo. Akaandika maneno ya mama ya Kisambaa ambayo alikuwa anayasema kila akipokea pesa ya dawa, dua fulani ya kumwombea mtoto, na hayo sikuelewa lakini alivyoyasoma sauti yake ilikuwa tofauti kabisa. Ukurasa ule ulikuwa umejaa mama. Mama alifanya, mama alisema, mama alikuwa anapenda. Na kulikuwa na "kwa sababu" nyingi, na "kumbe", na "sasa naona".

Hiyo siyo bahati. Pennebaker na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta ya kuhesabu aina za maneno, wakaona kwamba walionufaika walikuwa wanaongeza maneno ya sababu na ya kuelewa kutoka siku ya kwanza kwenda ya nne, na walikuwa wanahamahama, siku moja wanaandika zaidi kuhusu wao wenyewe, siku nyingine kuhusu wengine. Aliyeandika vilevile siku zote nne hakupata kitu. Kwa hiyo huhitaji kompyuta, weka karatasi ya kwanza na ya mwisho kando kwa kando. Kama ya kwanza imejaa "ningefanya" na ya mwisho imejaa "kwa sababu" na "kumbe" na majina ya watu wengine, kazi imefanyika. Kama zote mbili zingeweza kubadilishana tarehe na usigundue, haijafanyika, na kuongeza siku hakutabadilisha.

Sasa hapa kwenye kuacha. Msusi Ijumaa ile aliniuliza aendelee? Alijisikia mwepesi, akaona mbona hii kitu imekubali, nipige wiki nyingine. Nikamwambia hapana, na sababu zangu ni mbili. Moja, jambo lilishatoka na likapata sababu zake, ukiendelea kulifukua unaanza kulitengenezea matoleo mapya na mtu wa tabia yake ya kuchimba atarudi kwenye mduara ndani ya wiki. Mbili, kilichobaki hakikuwa cha karatasi tena. Alikuwa na kitu cha kumwambia mumewe, na kitu na kaka yake, na ukiendelea kumwandika kaka kila jioni unapata raha ya kumsema bila kuwahi kumsemesha.

Na kama mambo yangeenda vibaya ningemsimamisha mapema, hata siku ya pili. Vitu nilivyomwambia aviangalie ni hivi tu: huzuni ya baada ya kuandika ikiwa haijashuka mpaka asubuhi, na siku ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza, na ya tatu kubwa kuliko ya pili. Akianza kukosa usingizi kabisa. Akianza kukwepa watu ili awahi kuandika. Na wazo lolote la kujidhuru, hapo unafunga daftari palepale unapiga simu kwa mtu, siyo kesho. Huzuni peke yake si sababu ya kuacha, huzuni inayopanda ngazi ndiyo sababu.

Zile kaunta buku mbili alitaka kujua azifanyeje. Kuna watu wanachoma na wanajisikia vizuri, sina ubishi nao. Yeye nilimwambia asizisome tena, basi, na uamuzi mwingine ni wake. Alizipeleka kwa mdogo wake azitunze kwenye sanduku lililofungwa.

Baada ya wiki sita nilimwona tena. Usingizi umerudi, bado anaamka baadhi ya usiku lakini anarudi kulala. Simu haiweki tena nyuma ya kioo, inakaa mfukoni kwenye eproni, na hilo sikulipinga. Alishamwambia mumewe kuhusu ile simu ya wiki mbili kabla, na mume akamwambia kitu ambacho hakukijua, kwamba mama alimpigia yeye siku iliyofuata akamwambia mke wako anajituma sana mwambie apumzike. Hilo hakuna siku lingetoka kwenye karatasi.

Anasema bado analia akisikia nyimbo za harusi. Nikamwambia hayo ni majonzi, hayaandikiwi zoezi. Akauliza kuhusu hitima ya mwaka, kama akizidiwa kipindi hicho anaweza kuandika tena. Anaweza, mara moja, dakika ishirini zilezile, mchana, na akiona ukurasa umeanza na "ningeshika simu" aweke peni chini hapohapo atoke nje.

La kaka bado. Walisalimiana kwenye simu siku ya Idi, dakika mbili, ndo basi. Kuna kikao kinatakiwa huko Lushoto na mjomba ndiye anayekipanga, kwa sababu maneno yalisemwa mbele za watu na kwa kwao maneno ya mbele za watu yanamalizwa mbele za watu.